Naomba ushauri: mashairi ya wimbo wa mhitimu asiye na kazi yanageuka mahubiri

Mtunzi wa Uyole
Habari za humu wakuu. Mimi naandika tu, mwimbaji ni rafiki yangu anayeimba kwenye harusi huku Mbeya. Tuna biti ya rumba ya polepole na tunataka wimbo wa kijana aliyemaliza chuo, yuko nyumbani kwa mama yake, kazi hakuna. Uwe na matumaini. Sitaki wimbo wa kulia wala wa kumtukana mtu. Ubeti wa kwanza nimeandika hivi:

Nina digrii ya uhasibu, nasaga lami kila siku
Serikali haituoni, wenye wajomba ndio wanapita
Vijana tusikate tamaa, Mungu ana mpango nasi
Jiajiri ndugu yangu, usisubiri kuajiriwa

Kiitikio ni "Kesho itakuwa njema" mara nne. Mwenzangu anasema akiimba anajisikia kama mgeni rasmi kwenye mahafali. Nirekebishe wapi?

Mzee wa Vina
Mizani, kijana. Kipande cha kwanza kina 10, cha pili 9, unashuka chini unakuta 11. Ni "Jiajiri ndugu yangu" peke yake iliyokaa kwenye 8. Andika 8 kwa 8 kila mstari, vina vya mwisho vifanane, wimbo utasimama. Na huo mstari wa wajomba ufute, badala yake mtaje Mungu zaidi. Matumaini yanatoka huko.

Kaka Mkubwa Dom
Pole sana mdogo wangu, usikate tamaa. Kwanza hakikisha wasifu wako kwenye Ajira Portal umejazwa wote. Barua ya maombi uisaini, iende kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Vyeti vipeleke kwa wakili avigonge mhuri, na usiweke hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, wanataka vyeti vyenyewe. Wengi wanaachwa hapo tu halafu wanalalamika.

Mtunzi wa Uyole
Asante kaka, ila kazi ninayo, nipo dukani kwa baba mdogo. Naulizia wimbo.

Kaka Mkubwa Dom
Aah, samahani. Nimesoma kichwa cha uzi tu.

Besi la Pili
Usimfukuze huyo kaka, amekupa mashairi bure. Barua, wakili, mhuri: hivyo vyote havimo kwenye ubeti wako. Umeandika maoni juu ya ukosefu wa ajira, ila kijana mwenyewe hatumwoni akifanya lolote. Na hesabu anaosema nao. Mstari wa kwanza anajisemea, wa pili anaisema serikali, wa tatu anawahutubia vijana wote, wa nne ana "ndugu yangu" mmoja. Mahubiri yameingilia hapo. Mpe mtu mmoja wa kuongea naye mpaka wimbo uishe. Umesema yuko kwa mama yake, basi aongee na mama. Mwana hamwambii mama yake "jiajiri", kwa hiyo mistari ya namna hiyo itakufa yenyewe.

Kuhusu mizani, Mzee wa Vina yuko sahihi, ila sababu yake kwenye wimbo ni nyingine. Maneno yetu karibu yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Kipande kikiwa na silabi 8, mkazo wa mwisho unakaa kwenye ya 7 kila mara, na mwimbaji anajua pigo zito aliweke wapi. Vipande vyako vikiwa 10, 9, 11, mkazo unahamahama, naye analazimika kuvuta silabi isiyovutika. Mwulize kama kwenye "njema" anashikilia "ma" ya mwisho. Kama ndivyo, asogeze sauti ndefu irudi kwenye "nje".

Tumia vitu vya kaka wa Dodoma, uone:

Mama pasi ina moto, shati langu nanyoosha
Bahasha ile ya kaki, kona zake zimekwisha
Mhuri umekauka, wakili kaidhinisha
Basi ni la alfajiri, kumi utaniamsha

Digrii haijatajwa. Bahasha iliyochakaa kona inatosha kusema ametembea nayo sana, na hajalalamika. Anayeomba kuamshwa saa kumi hana haja ya kutangaza kwamba hajakata tamaa.

Mzee wa Vina
Safi. Ila "utaniamsha" umehesabu ile "m" kama mizani.

Besi la Pili
Nimeihesabu, kama tunavyoihesabu ya "mhuri". Mwimbaji akiimeza atapungukiwa silabi moja. Aijaribu mdomoni kwanza, karatasi haitoshi.

Mwalimu wa Kujitolea
Mimi nimehitimu ualimu, nafundisha kwa kujitolea, napewa nauli tu. Mnachofanya ni kuupaka wimbo sukari. Ule mstari wa wajomba ndio pekee ulionigusa, kwa sababu ni kweli, tunaona wanaopita. Wimbo ukinyamaza hapo mimi nitauzima.

Besi la Pili
Mwalimu, sikusema ufutwe, hilo ni la Mzee. Ila "wenye wajomba ndio wanapita" ni hukumu iliyokwisha kutolewa, msikilizaji hana la kuongeza zaidi ya kukasirika. Tuoneshe kilichotokea pale mapokezi, yeye mwenyewe atajua. Kwa mfano: "Mlinzi ananijua, jina langu kalishika". Mlinzi hawezi kulishika jina la mtu aliyekuja mara moja. Mtunzi, huo ndio mstari wako wa kwanza wa ubeti wa pili, malizia.

Mtunzi wa Uyole
Nimerudi. Ubeti wa pili nimefika hapa:

Mlinzi ananijua, jina langu kalishika
Mwenzangu leo kaitwa, mkono nimemshika

Na kiitikio nimekibadilisha kabisa:

Niwekee chai mama, nikirudi nitakunywa

Hakisemi kama amepata kazi au amekosa. Mwimbaji kakipenda, na kweli alikuwa anashikilia ile "ma".

Besi la Pili
Kiitikio kiache hivyo hivyo, usiongeze "kesho" yoyote. Akipata atarudi, akikosa atarudi. Jihadhari tu na kina: umerudia "shika" mara mbili. Maana ni mbili tofauti kwa hiyo inavumilika, lakini mistari miwili inayobaki isije na "shika" ya tatu.

Mwalimu wa Kujitolea
Huyo mwenzake aliyeitwa ni nani? Mngesema ni mpwa wa meneja, halafu bado akampa mkono, hapo ningewaelewa. Kumpongeza mtu aliyestahili ni rahisi, kila mtu anaweza.

Mzee wa Vina
Mkishamtaja meneja mmerudi kwenye lawama.

Besi la Pili
Sina hakika, Mzee. Mwalimu amenishika hapo. "Mpwa wa meneja kaitwa" ina mizani 9, na "Mpwa wa bosi ameitwa" nayo ina 9. Ikipatikana ya 8 ningeisikiliza kabla ya kuikataa.

Mtunzi wa Uyole
"Mpwa wa bosi kaitwa". Nimehesabu, 8. Jumamosi tunarekodi rasimu kwenye simu, ataimba zote mbili, hiyo na ya "mwenzangu". Nitaweka humu msikilize.

Kaka Mkubwa Dom
Weka. Na kwenye ubeti wa tatu msisahau kumtaja kaka aliyewapa mhuri.