Ramani ya kina imemvalisha mteja wangu kofia ya plastiki!

Wakuu, leo nina hasira. Tunaambiwa piga kwa modi ya potreti, simu inapima umbali wa kila kitu na kuuweka kwenye ramani ya kina, kumtoa mtu kwenye picha ni kugusa mara moja. Nimegusa. Saa mbili sasa narekebisha kwa mkono.

Picha ni ya mwanamke mwenye nguo nyeusi, mkono kiunoni, nywele kazitimua. Nyuma yake, mita 2 hivi, kuna pazia jeusi. Nakiri kwenye nguo imenisaidia: hata mimi sioni bega linaishia wapi, lakini ramani ya kina ililijua, ikakata safi. Baada ya hapo ni vituko. Uwazi kati ya kiwiko na kiuno umezibwa, pazia limebaki mle. Nywele zimekuwa kofia. Viatu vimeng'oka na kipande cha sakafu.

Nikaitoa ramani niitazame peke yake. Picha ina pikseli 4032 kwa 3024, ramani 768 kwa 576! Pikseli moja ya ramani inafunika zaidi ya 5 kwa 5 za picha. Unywele utakaa wapi humo? Kwa nini hawasemi?

Kitasa: Ulimweka karibu na pazia. Msogeze mbele, kila kitu kitakaa sawa.

MkasiButu: Kitasa, hilo linasaidia bega, si nywele. Hata pazia likiwa mita 10, ramani inabaki na pikseli zilezile. Na sakafu huwezi kuisogeza: pale soli inapogusa chini, umbali ni mmoja, ramani haina cha kutenganisha.

Mleta uzi, usiikate picha kwa ramani moja kwa moja. Itumie kugawa sehemu tatu: hakika mtu, hakika nyuma, na ukanda wa mashaka mpakani, kama pikseli 20, kwenye nywele zaidi. Ndani ya ukanda acha rangi iamue. Halafu tumia picha ya awali isiyotiwa ukungu. Ukungu ukishapakwa, ncha za nywele zimeshachanganywa na pazia, hazirudi.

Bibi Lenzi: Mimi nataka ukungu uongezeke, nabonyeza wapi?

Mleta uzi: Bibi, siyo uzi huo 😅 MkasiButu, rangi iamue nini wakati nywele nyeusi na pazia jeusi?

MkasiButu: Hapo umenishika. Kiwiko utakipata kwa kuchora uwazi mwenyewe. Nywele nyeusi juu ya cheusi, mimi huzichora upya.

Tumbili77: Zangu hutumiwa na wateja kwa programu ya ujumbe, na ramani sijawahi kuiona hata moja.

MkasiButu: Kutumwa hivyo kwa kawaida huibandua, inabaki JPG tupu. Omba faili halisi, HEIC yenyewe, itumwe kama hati.

Mleta uzi: Kwa hiyo nazichora. Nywele zote. Asanteni, nadhani.