Naomba ushauri: kwa nini “look forward to hear” hurudishwa kila mara?

KaraniArusha
Habari zenu, ndugu zangu. Nafanya kazi katika ofisi ya utalii hapa Arusha, nikijibu barua pepe za wageni wanaoulizia safari. Meneja wangu husoma majibu kabla hayajatumwa, na makosa yale yale hunirudia yakiwa yamepigwa mstari bila maelezo. Jibu la juzi, kwa mgeni aliyetaka kujua afike lini, lilikuwa hivi:

“We suggest you to arrive one day before the safari. Please let us to know your flight number. We look forward to hear from you.”

Alirekebisha yakawa “suggest that you arrive”, “let us know” na “look forward to hearing”. Nilidhani nimeelewa, kwamba baada ya “to” huwekwa -ing, na kesho yake nikamwandikia mgeni mwingine “We would like to confirming your booking”. Nalo likarudi. Sitaki kukariri sentensi moja moja. Naomba mnieleze nitajuaje, wakati naandika, “to” ipi inataka -ing na ipi haitaki.

Bahari7
Ndugu Karani, mimi nilifundishwa kwamba -ing huwekwa mwishoni mwa barua rasmi, kwa sababu ndiyo lugha ya heshima, lakini katikati ya barua unaandika kitenzi kitupu. Vilevile “We look forward” ni rasmi zaidi kuliko “We are looking forward”, kwa hiyo umechagua vizuri hapo.

MwalimuMstaafu
Bahari7, hilo la pili ni kweli, lakini la kwanza litampotosha. Ukifunga barua kwa “We hope to hear from you”, umefunga kwa heshima ile ile na hakuna -ing. Jambo halitegemei mahali pa sentensi wala heshima.

Karani, anza na sentensi ambayo huikosei. Ukimshukuru mgeni kwa kuandika, naamini huandiki “Thank you for write”. Unaandika “Thank you for writing”, kwa sababu unajua kwamba “for” ni neno la kuunganisha, kama “kwa” yetu, na kitenzi kinachofuata neno la namna hiyo hupata -ing. Sasa, “to” ya Kiingereza ina kazi mbili. Katika “want to hear” ni alama ya kitenzi, kama “ku-” katika “kusikia”. Katika “look forward to” si alama ya kitenzi hata kidogo. Ni ndugu yake “for”, nayo huelekeza kwenye kitu kinachongojwa. Zinaandikwa sawa, na ndiyo maana jicho linadanganyika.

Kwetu sisi udanganyifu huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi maumbo hayo. Tunasema “nataka kusikia” na tunasema “asante kwa kusikia”, na neno ni lile lile. “Kusikia” ni kitenzi na ni jina pia, hata huchukua upatanisho wake: kusikia kwake kumepungua. Mwandishi aliyekulia katika lugha hii hana sababu ya kuhisi kwamba pana mlango wa pili.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kuweka “it” mahali pa kitenzi. “We look forward to it” inakubalika, kwa hiyo kitenzi kikirudi kitakuwa “hearing”. “We would like to it” haikubaliki, kwa hiyo ni “confirm”. Kama “it” inakuchanganya, weka jina: “look forward to your reply” inasimama, “would like to your booking” inaanguka.

MamaZuhra
Mwanangu, mimi naona tatizo ni huyo meneja. Kumrekebisha mtu kila siku bila maelezo kunavunja moyo. Mwendee faraghani, umwombe kwa adabu akueleze kila anapopiga mstari.

KaraniArusha
Shikamoo mama, na asante kwa kunionea huruma. Meneja ananirekebisha kwa barua ya peke yangu, wala hajanidhalilisha. Ana kazi nyingi tu. Ninachohitaji ni kuelewa sababu. Mwalimu, kipimo chako nimekijaribu kwenye barua kumi za wiki hii na kimenisaidia katika zote zenye “to”. Lakini hakinisaidii kwa “suggest you to”.

MzeeKilindini
Marahaba kwa Mwalimu. Kosa hili lilinitokea katika barua ya kuomba kazi bandarini Mombasa. Nilitaka kusema kwamba nimezoea kufanya kazi usiku, nikaandika “I am used to work at night”. Aliyenisomea barua akanifuta akaandika “working”, nami nikajifunza hivyo. Miaka mingi baadaye nikataka kusema kwamba zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku, nikaandika “I used to working at night”, nikakosea upande wa pili.

MwalimuMstaafu
Mzee wangu, mfano wako ni bora kuliko wangu. “I am used to it” inasimama, basi ni “working”. “I used to it” haisimami, basi ni “work”. Tofauti nzima imebebwa na “am”.

Karani, kuhusu “suggest”, hapo Kiswahili chenyewe kinakuonyesha njia, ukikisikiliza. Unasema “tunakushauri ufike mapema”, na mgeni yumo ndani ya kitenzi, katika “-ku-”. Kiingereza nacho humweka: “we advise you to arrive early”. Lakini husemi “tunakupendekeza ufike mapema”, kwa maana “tunakupendekeza” ni kumtaja mtu kwa cheo au kazi. Unasema “tunapendekeza ufike”, na mtu anaingia katika kitenzi cha pili. “Suggest” ina tabia ya “pendekeza”: “we suggest that you arrive”, na “that” waweza kuiacha. Unaweza pia kusema “we suggest arriving”. Kosa lako halikutoka kwenye Kiswahili. Limetoka kwa “advise”, “ask” na “tell”, ambavyo unavitumia kila siku.

Ama “let”, hiyo haitaki “to” kabisa. Andika “let us know” kama neno moja, jinsi tunavyosema “tujulishe”.

Bahari7
Nakubali nilikosea kuhusu mwisho wa barua. Ila na “recommend” je? Kama inafuata “suggest”, basi “we recommend you to bring warm clothes” ni kosa, na mimi nimeiona kwa macho yangu katika barua za Waingereza.

MwalimuMstaafu
Kamusi za Kiingereza cha Uingereza huikubali “recommend you to”, kwa hiyo siwezi kuiita kosa. Hata hivyo mimi huwashauri wanafunzi waandike “recommend that you bring”, ambayo haipingwi na mtu.

Bahari7
Kama kamusi inaikubali, sioni kwa nini Karani aiache. Wageni wengine nao huandika “look forward to hear” na tunaelewana nao vizuri.

MwalimuMstaafu
Kuelewana kupo, sikatai. Lakini Karani anaandika kwa jina la ofisi, na mtu anayekusudia kutuma fedha nyingi kwa kampuni asiyoijua huangalia barua kwa makini. Kuhusu “recommend” tubaki kila mtu na chaguo lake.

KaraniArusha
Leo nimemjibu mgeni wa Ngorongoro hivi: “We suggest that you bring a warm jacket, as the crater rim is cold in the morning. Please let us know your arrival time. We look forward to welcoming you.” Imetumwa bila mstari hata mmoja. “Recommend” nimeikwepa kwa sasa.