Matangazo ya Ukimwi: je, kutisha watu kulifaa kitu?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma

Ninaandika insha ya kuchambua matangazo, na tumetakiwa kueleza ni wakati gani hofu, ucheshi, hisia au hoja humshawishi mtu kweli. Nimechagua matangazo ya kupambana na Ukimwi katika Afrika Mashariki. Msimamo wangu ni kwamba hofu ilishindwa, na kwamba fedha za umma zisitumike tena kuwatisha watu. Je, msimamo huu unaweza kusimama?

Msomaji, Mbarara

Hauwezi kusimama, ndugu yangu, kwa sababu Uganda inaupinga. Sisi tuliokuwa na redio nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1980 tunaikumbuka ile ngoma nzito iliyotangulia ujumbe wa Ukimwi, ngoma ambayo kila mtu aliisikia kama ya msibani. Hakuna aliyecheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maambukizi kwa watu wazima yalikadiriwa kufika karibu asilimia 15, na miaka kumi baadaye yalikuwa yameshuka hadi takribani asilimia 6. Ukitaka kuandika kwamba hofu haifanyi kazi, itakubidi kwanza ueleze kushuka huko kulitokana na nini.

Mtafiti wa mawasiliano ya afya, Nairobi

Ndugu wa Mbarara ana haki kuhusu ngoma, lakini ameacha nusu ya tangazo. Serikali ya Uganda haikuishia kusema kwamba ugonjwa unaua. Iliwaambia watu wafanye jambo moja lililo wazi, tena kwa mfano ambao kila mfugaji aliuelewa: mtu awe kama ng'ombe anayelishwa zizini, asiende kutafuta malisho nje, yaani awe mwaminifu kwa mwenzi wake. Ilikuwa amri ambayo mtu angeweza kuitekeleza siku hiyohiyo, bila kununua kitu na bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Aidha, sehemu ya kushuka kwa kiwango kile inatokana na vifo vya waliokuwa wameambukizwa, kwa hiyo takwimu hiyo peke yake haiwezi kuthibitisha nguvu ya tangazo.

Kwa insha yako, mwanafunzi, ningeanzia kwenye jaribio la Howard Leventhal na wenzake lililochapishwa mwaka 1965. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale walipewa vijitabu kuhusu pepopunda. Vingine vilikuwa na maelezo na picha za kuogofya sana, vingine vilieleza ugonjwa huohuo kwa upole. Waliotishwa zaidi walisema kwa mkazo zaidi kwamba wanakusudia kuchanja. Hata hivyo, kilichotofautisha waliokwenda na wasiokwenda hakikuwa ukali wa picha. Baadhi walikuwa wamepewa ramani ya chuo iliyoonyesha zahanati ilipo na wakaombwa wapange saa ya kupita hapo. Kati ya hao, takribani 28 katika kila 100 walichanja. Walioogofywa bila kupewa mpango huo walikuwa kama 3 katika kila 100. Zingatia kwamba wote walikuwa wakiijua zahanati ile, kwa hiyo ramani haikuwafundisha jambo jipya, ila iliwafanya waione njia ya kutoka kwenye hofu.

Mwaka 1992 Kim Witte aliliweka wazo hili katika nadharia. Mtu akitishwa, kwanza hujiuliza kama hatari inamhusu, kisha hujiuliza kama anacho cha kufanya kinachofaa na anachokiweza. Akijibu ndiyo mara zote mbili, huishughulikia hatari. Akiona inamhusu lakini hana la kufanya, huishughulikia hofu badala ya hatari: hukanusha, hufanya mzaha, hugeuza uso. Witte na wenzake waliyachunguza mabango na vipeperushi vya Ukimwi katika vituo vya malori kando ya barabara kuu nchini Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1998. Walikuta kwamba vingi viliwafanya watu waamini kuwa ugonjwa ni mkali na unaweza kuwapata, lakini havikuwapa imani kwamba kinga inayopendekezwa inafaa na kwamba wao wanaiweza.

Dereva mstaafu wa malori, Mombasa

Mimi nililala katika vituo hivyo, kuanzia Mariakani hadi Malaba, na hayo anayoyasema bwana mtafiti niliyaona kwa macho. Ukutani kuna picha ya mifupa imeandikwa kwamba Ukimwi unaua. Nasi tulijibu kwamba breki zikikatika pale mteremkoni vilevile zinaua, mbona tunaendesha? Wengine waliuita ugonjwa ajali kazini. Si kwamba hatukuogopa, tuliogopa mno, maana tulikuwa tukiwazika wenzetu. Lakini unafika kituoni saa saba za usiku, duka limefungwa, kondomu hakuna, na bango halikuambii utazipata wapi. Siku moja mtu fulani alileta maboksi ya bure akayaweka kwenye kibanda cha chai kinachokesha. Siwezi kusema yalimwokoa nani, lakini maboksi yalikwisha upesi, na yule mwenye kibanda hakuwa na haja ya kumtisha mtu yeyote.

Mwenye duka la vipodozi, Mwanza

Habari za mchana. Mimi nasema tangazo zuri ni la kuchekesha, maana watu wamechoka na huzuni. Hata hivyo, niliwahi kumlipa mchekeshaji wa hapa mjini atangaze sabuni yangu kwenye gari la matangazo, na wateja wakawa wanakuja dukani wanaigiza alivyotembea, wanacheka, wanaondoka. Nikimwuliza mmoja ni sabuni gani, hajui. Baadaye nikabandika karatasi mlangoni yenye bei, uzito wa kipande na siku ambazo kipande kimoja kinachukua kwa familia ya watu wanne. Hiyo ndiyo iliyouza. Sasa sijui kama Ukimwi nao unauzwa hivyo.

Mtafiti wa mawasiliano ya afya, Nairobi

Dada yangu, swali lilihusu afya ya umma, lakini kisa chako kinafaa kuliko unavyodhani. Aliyesimama mlangoni kwako tayari ana fedha na haja ya sabuni, anachotafuta ni sababu ya kuchagua hii na kuacha ile, ndiyo maana hoja ilimtosha. Aliyelisikia gari la matangazo hakuwa na haja hiyo, akachukua kichekesho na kuiacha sabuni, kwa sababu kichekesho kingeweza kusimama bila sabuni kabisa. Hicho ndicho kipimo cha ucheshi: iondoe bidhaa au ujumbe, uone kama bado watu wanacheka. Wakicheka vilevile, fedha zimepotea.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Kipimo hicho kinanikumbusha Fataki. Vijana wa sasa huenda hawakuyasikia, lakini kuanzia mwaka 2008 redio za Tanzania zilirusha matangazo mafupi kuhusu bwana mtu mzima mwenye fedha ambaye huwarubuni mabinti wa shule. Alikuwa kichekesho kitupu: anajisifu, anatoa ahadi, anajiona mjanja. Na kila mara mpango wake huvunjika, kwa sababu yupo mtu wa pembeni anayeingilia kati na kumnusuru msichana. Sasa mwondoe Fataki anayeaibika na yule anayeingilia, uone kama kinabaki cha kuchekesha. Hakibaki.

Naomba mwanafunzi achunguze ni nani anayechekwa. Angechekwa msichana, tangazo lingekuwa la kudhuru. Anachekwa mwenye fedha, yaani yule ambaye mitaani watu humwogopa au humnyenyekea, na kicheko hicho kinampunguzia heshima ambayo ndiyo ngao yake. Jina lenyewe lilihama kutoka redioni likaingia katika mazungumzo, hata mtu akiwa kwenye daladala aliweza kumwita bwana fulani fataki bila kutoa hotuba. Hapo awali jirani aliyeona jambo kama hilo alikosa namna ya kulisema bila kuzua ugomvi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma

Shikamoo, mwalimu. Nakubali kwamba jina lilienea, lakini kuenea kwa jina si ushahidi kwamba wanaume wale waliacha. Je, si kweli kwamba ucheshi unaweza kulifanya jambo baya lionekane la kawaida? Hata shuleni kwetu, wavulana walitaniana kwa jina hilo kana kwamba ni sifa.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ni nzito na siwezi kuimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba tangazo halikumlenga zaidi mwanamume huyo bali lilimlenga jirani, mhudumu, shangazi na rafiki. Ukilihukumu kwa mwenendo wa akina Fataki, unalipima kwa kazi ambayo haikuwa yake ya kwanza. Lipime kwa kuuliza kama majirani walianza kusema. Kuhusu utani wa wavulana, niliusikia nami darasani, na sikuupenda.

Muuguzi, Kigoma

Mnazungumza kana kwamba anayetazama bango siku zote ni mtu asiyeambukizwa. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini, kazi yetu imekuwa kuwashawishi watu waje kupima mapema. Picha ya mifupa inamwambia aliyekwisha kuambukizwa kwamba yeye ni maiti, na inamwambia jirani yake amkwepe. Nimewapokea watu waliokaa nyumbani hadi wakaishiwa nguvu, na wengi walieleza kwamba waliogopa kuonekana kuliko walivyoogopa kufa. Kwao ninaona hisia ndiyo inayofaa, lakini hisia ya aina moja: mama anayetumia dawa na kumnyonyesha mtoto asiye na virusi, anayesema amefanya nini na katika kituo gani. Simulizi ya huruma inayoishia kwenye machozi haituletei mtu hata mmoja.

Msomaji, Mbarara

Nimewasikiliza, na nakubali kwamba hofu lazima ifuatwe na njia ya kujiokoa. Bado sijakubali kwamba njia inatosha bila hofu. Vijana wa leo wanajua zahanati ilipo, wanajua dawa ni za bure, na wengi hawapimi. Hawajawahi kumzika mtu aliyekonda kama sisi tulivyozika. Mkiwapa matumaini pekee, watadhani ni ugonjwa kama mafua. Hata katika jaribio la Yale, nadhani, wote waliopewa ramani wakaenda kuchanja walikuwa pia wameelezwa hatari.

Mtafiti wa mawasiliano ya afya, Nairobi

Umesema kweli: waliopewa mpango bila kuelezwa hatari hawakwenda kuchanja. Hofu kidogo ilihitajika, na iliyozidi haikuongeza kitu. Kwa hiyo, mwanafunzi, sentensi yako kwamba hofu ilishindwa haiwezi kubaki ilivyo. Ningekushauri uchague bango moja la vituo vya malori na tangazo moja la Fataki, kisha katika kila moja uulize nani anaambiwa, anaambiwa atende nini, na kama saa ile anapolisikia anaweza kulitenda.

Lakini kuhusu Uganda, ndugu wa Mbarara, tatizo langu ni jingine. Mlipoisikia ile ngoma mlikuwa mmetoka mazikoni. Hofu ilikuwepo kabla ya redio kuwashwa, na sijaona namna ya kutenganisha kazi ya tangazo na kazi ya misiba yenyewe.

Msomaji, Mbarara

Hapo ndipo tunapoachana. Misiba ilikuwepo pia kwa jirani zetu, na kwao maambukizi hayakushuka wakati uleule.