Maji ya gemu yangu yanatoa vidoa vyekundu kwenye simu, msaada wakuu

mvuvi_dijitali: Wakuu, natengeneza gemu ya pembeni mwa ziwa kwa Godot 4. Maji sikuyachorea fremu. Nimezungusha rangi za paleti, namba 8 hadi 15, kwa sheda. Kwenye kompyuta safi kabisa, ila kwenye simu ukingo wa maji na mwamba una vidoa vyekundu. Ninunue simu nyingine ya kujaribia?

babaJeni: Achana na paleti. Chora fremu nne, ziweke kwenye TileSet, injini inazicheza yenyewe. Kumbuka tu kuwasha `Random Start Times`, mimi maporomoko yangu yote yalikuwa yanapumua kwa pamoja kama kwaya.

Kigae_Kimoja: Vidoa viko ukingoni tu, au na katikati ya maji?

mvuvi_dijitali: Ukingoni tu.

Kigae_Kimoja: `Filter` umeweka nini?

mvuvi_dijitali: Sheda haina shida, nimeikagua.

Kigae_Kimoja: Sijauliza sheda.

mvuvi_dijitali: `Linear`. Lakini siwezi kuibadilisha, mhusika wangu nimemchora kwa brashi laini, kwa `Nearest` anakuwa na meno meno. Nimeshamwonyesha mteja.

Kigae_Kimoja: Ndiyo hiyo. Picha yako ya maji haina rangi, ina namba. Mwamba ni namba ngapi?

mvuvi_dijitali: 3. Maji ya ukingoni 11.

Kigae_Kimoja: `Linear` inachanganya majirani kabla sheda haijasoma paleti. Katikati ya 3 na 11 ni 7. Saba ni nini kwako?

mvuvi_dijitali: Nyekundu ya maua 😳

Kigae_Kimoja: Kwenye kompyuta unatazama kwa ukubwa halisi, pikseli kwa pikseli, hakuna kinachochanganywa. Simu inakuza mara mbili na nusu. Weka `Nearest` kwenye TileMapLayer ya maji peke yake, mhusika mwache alivyo. Na sampuli ya paleti pia:
```
uniform sampler2D paleti : filter_nearest;
```

mama_kodi: Vijana mnapenda njia za mkato. Zamani tulichora.

babaJeni: Zamani ndiyo walizungusha paleti, mama. Watu wa Amiga walifanya hivyo kwa Deluxe Paint.

Ngalawa77: Chai hii. Juu kasema "gemu yangu", sasa ana mteja. Na picha ya skrini hata moja hakuna. Huyu anatangaza kitu.

mvuvi_dijitali: Gemu ni yangu, mteja ni shangazi, ndiye kalipia kompyuta. Picha naweka nikifika nyumbani.

Ngalawa77: Shangazi tena 😂

mvuvi_dijitali: @Kigae_Kimoja vidoa vimeisha. Ila sasa ukingo wa maji una ngazi ngazi pembeni ya mhusika laini. Haipendezi.

Kigae_Kimoja: Soma pikseli nne jirani, kila moja igeuze kuwa rangi kwanza, ndipo uchanganye. Ni kusoma picha mara nane badala ya mbili kwa kila pikseli ya skrini. Simu ya bei ya chini sijui itasemaje maji yakijaza skrini nzima.

babaJeni: Fremu nne, nimesema.