Yule "mtaalamu" wetu wa mizani amenigawia biskuti kwa tatu!

Binti wa Temeke (mleta uzi):
Wadau, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja: ndiye anayekaa kando ya mizani pale ukumbi wa mazoezi, akiwapima watu kama magunia ya mahindi na kuwatolea hukumu. Leo amenipokonya pakiti yangu ya biskuti za Afrika Kusini, ya gramu 100, akasoma "2000 kJ", kisha akatangaza kwa sauti: "Dada, umekula chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja!" Ukumbi mzima uliacha kunyanyua vyuma ukanitazama. Nadhani hata feni ilisimama.

Zile ni kilojuli, naye kazisoma kama kilokalori za siku! Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, kwa hiyo 2000 ukiigawa kwa 4.184 unapata 478. Nilipomweleza hivyo hakutahayari. Aliichukua hiyo 478, akaigawa kwa tatu, fungu la mafuta, la protini na la wanga, akaniandikia kwenye kadi: mafuta gramu 18, protini 40, wanga 40. Protini gramu 40 ndani ya biskuti! Kama ndivyo, mabucha yote ya mji huu yafungwe. Siku nzima kwa mkupuo mmoja, mbele za watu!

Nyundo:
Pole sana, ila kuna jambo umelipita haraka. Pakiti nzima ya biskuti ilifuata nini ukumbi wa mazoezi?

Hesabu Fupi:
Hiyo 4.184 ni kujitesa bure. Gawanya kwa nne, upate 500, yaishe. Gramu ya mafuta ina kilokalori tisa, ya protini nne na ya wanga nne. Ukishaijua jumla, gramu zote unazipata.

Fundi wa Maabara:
Kugawa kwa nne kunafaa ukiwa umesimama dukani, ingawa hapa kumekuongezea 22. Hapo mwisho ndipo ulipoteleza, ndugu. Kilokalori 478 zinaweza kutoka kwenye gramu 53 za mafuta matupu au karibu gramu 120 za sukari, na jumla haikwambii ni kipi. Lebo lazima ikupe viwili, ndipo cha tatu ukitafute. Mleta uzi, yako inasemaje?

Binti wa Temeke:
Mafuta 20, protini 7, nyuzinyuzi 2.4. Mstari wa wanga ulichanika alipokuwa akininyang'anya, huku akisema yale maneno yake ya mkupuo mmoja.

Fundi wa Maabara:
Basi usihame kwenye kilojuli: gramu ya mafuta ina 37, ya protini au ya wanga 17, ya nyuzinyuzi 8. Mafuta 20 mara 37 ni 740, protini 7 mara 17 ni 119, nyuzinyuzi 2.4 mara 8 ni kama 19, jumla 878. Ukiitoa kwenye 2000 inabaki 1122, nayo ukiigawa kwa 17 unapata wanga gramu 66. Ukihakiki kwa kilokalori, gramu ya nyuzinyuzi ikiwa mbili, utapata 477 badala ya 478, kwa kuwa hizo 37 na 17 zimekwisha kukadiriwa. Tofauti ndogo kama hiyo isikusumbue. Vyote vinne kwa pamoja ni gramu 95.4, na zilizobaki ni maji kidogo na chumvi, kama inavyotarajiwa kwa biskuti kavu. Ukivuka 100, ujue umekosea. Hata hivyo kipimo hicho kisingemnasa bwana wenu, maana gramu zake zinafika 98 tu. Kilichomuumbua ni ile protini 7 iliyoandikwa mbele ya macho yake.

Nyundo:
Kwa hiyo dada alikula wanga gramu 66 kabla ya mazoezi, na mwenye makosa ni mwenye mizani.

Mama Wawili:
Mimi namhesabia wanga mama yangu anayechoma insulini. Pakiti za Marekani huziweka nyuzinyuzi ndani ya wanga, za Ulaya huziweka kando. Kwa mazoea ya zile za kwanza, dada yangu alizitoa pia kwenye mkate wa Ulaya, akapata wanga pungufu. Je, hizo 66 ni pamoja na nyuzinyuzi?

Fundi wa Maabara:
Hapana, nilizitoa kwanza kwa 8 yake. Usizitoe tena.

Mpiga Debe:
Heri yenu mnaopewa namba za pakiti nzima. Nimenunua juisi ya mililita 500, mbele imeandikwa 450 kJ kwa herufi kubwa, na kwa maandishi ya kisisimizi: kwa mililita 250. Nani hunywa nusu chupa?

Hesabu Fupi:
Mimi hunywa nusu.

Mpiga Debe:
Na ile nusu nyingine unampa nani?