Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu, hakuna anayebadili dini: tufunge ndoa wapi?

Tulizo
Habari zenu ndugu. Nina miaka 29, nimebatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa Katoliki. Mchumba wangu ni Mwislamu wa swala tano, na sitaki aache. Naye hajaniambia nisilimu hata siku moja. Tulipanga tufunge nikaha kwa sheikh Ijumaa, Jumamosi tufunge kanisani, ili kila upande uridhike. Sasa shangazi anasema nikifanya hivyo nitakosa komunyo. Sheikh mmoja naye amemwambia mchumba wangu kwamba hafungishi mpaka nisilimu, na sisi tulijua Uislamu unaruhusu. Nani yuko sahihi? Kinachoninyima usingizi zaidi ni watoto.

Neno Hai
Dada, soma 2 Wakorintho 6:14, “Msifungiwe nira pamoja na wasioamini.” Sisemi mwenzako ni mtu mbaya. Kwetu mchungaji hafungishi ndoa hiyo mpaka mwenzako aokoke na kubatizwa. Na Wakatoliki ni hivyo hivyo, haiwezekani kabisa. Vunja uchumba sasa hivi, kabla hamjazaa.

Kapteni
Naongezea. Dada wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, hilo halina mjadala. Mwambie asilimu kwanza, tena kwa moyo, siyo kwa ajili ya harusi.

Mtafuta Elimu
Kapteni, umegeuza swali. Mkatoliki ni yeye, Mwislamu ni mwanamume. Ulichosema kuhusu mwanamke wa Kiislamu ndio msimamo wa wanazuoni, kwa aya ya 221 ya Suratul Baqara na ya 10 ya Suratul Mumtahana. Lakini kwa dada Tulizo aya ni nyingine: ya 5 ya Suratul Maida, inayomhalalishia Mwislamu mwanamke mwenye kujihifadhi miongoni mwa waliopewa Kitabu.

Dada, yule sheikh hakukudanganya. Halali hiyo ina mipaka, na wanazuoni wametofautiana ilipo. Sayyidna Umar alimwandikia Hudhaifa amwache mke wake wa Ahlul Kitabi. Hudhaifa akauliza kama ni haramu, na Umar hakusema ni haramu. Alihofia madhara yake. Wengi wakaiona ni makruhu. Halafu katika madhehebu ya Shafii kuna sharti zito: kama mwanamke si wa ukoo wa Israili, ijulikane kwamba wazee wake waliingia dini hiyo kabla haijafutwa na dini iliyofuata. Nani leo anaweza kuthibitisha hilo? Ndiyo maana masheikh wengi wa Kishafii wanasema asilimu kwanza. Sheikh anayefuata kauli ya madhehebu mengine atawafungisha wewe ukiwa Mkristo, baba yako akiwa walii wako, na mahari ni yako kama ya mke mwingine yeyote. Mchumba wako aulize waziwazi anafuata kauli gani.

Na mjue mapema kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Akitaka upate kitu, akuandikie wasia ndani ya thuluthi ya mali yake, au akupe zawadi angali hai.

Mwalimu wa Ndoa
Nimefundisha mafundisho ya ndoa parokiani miaka mingi, na kesi kama yako nimeziona kwa macho. Ndugu Neno Hai, kwa kanisa lenu umesema sawa. Waorthodoksi nao hawafungishi Mkristo na asiyebatizwa. Lakini kwa Wakatoliki umekosea.

Tulizo, tofauti ya dini kwetu ni kizuizi, kanuni ya 1086. Ukifunga bila kibali cha askofu ndoa ni batili, na hapo shangazi yako yuko sahihi kuhusu komunyo. Kibali kikitoka, ndoa ni halali kabisa ingawa si sakramenti, maana sakramenti inahitaji wote wawili wawe wamebatizwa.

Kwa hiyo unaanza kwa paroko wako, siyo kwa sheikh. Chukua nakala mpya ya cheti cha ubatizo. Ile ya zamani haionyeshi kama uliwahi kufunga ndoa. Paroko atawahoji kila mmoja peke yake, kisha utaahidi kulinda imani yako na kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Ahadi ni yako peke yako. Zamani asiye Mkatoliki naye aliahidi, lakini Papa Paulo wa Sita alibadili hilo mwaka 1970. Siku hizi yeye anaelezwa tu wewe umeahidi nini, ili asije akasema hakujua.

Sasa ule mpango wa Ijumaa na Jumamosi. Haufai. Kanuni ya 1127 inakataza adhimisho la pili la kidini la kukubaliana upya, kabla au baada. Kukubaliana ni mara moja. Mkichagua kanisani, basi kanisani. Mkichagua akdi, paroko amwombe askofu akuondolee pia sharti la kufunga mbele ya padri, na akdi hiyohiyo ndiyo itakuwa ndoa yako mbele ya Kanisa. Kesi nyingi nilizoziona zilipita njia hii ya pili.

Mahojiano huwa yanakwama penye swali la mke mmoja mpaka kifo. Mwanamume akijibu kwamba anajiwekea nafasi ya kuoa wa pili, au ya kutoa talaka, paroko hawezi kuendelea.

Mama Pacha
Mimi nilifunga nikaha bila kumwambia padri. Miaka 11 nilikaa benchi la nyuma watu wakipokea. Nilipoomba kuhalalisha, mume wangu alikataa kurudia maneno ya ndoa. Akasema, “Mimi nilikuoa siku ile, nikirudia leo ni kama nasema hukuwa mke wangu.” Sikumlaumu. Paroko akaniambia ipo njia ya kuiponya ndoa tangu mzizi wake, askofu akaridhia, na mume wangu hakulazimika kurudia lolote. Lakini ahadi ya watoto niliiweka nikiwa nao wanne, wote wanasoma madrasa. Nilijaribu. Hakuna niliyembatiza. Mpaka leo naomba juu ya hilo.

Mtafuta Elimu
Pole sana mama. Hapa ndipo dini hizi mbili zinapogongana, na tusimfiche dada. Kwetu mtoto wa Mwislamu ni Mwislamu, na baba ataulizwa na Mwenyezi Mungu. Mwanamume anayekaa kimya mkewe anapoahidi ubatizo, kisha anakataa mtoto akizaliwa, amemdhulumu.

Mwalimu wa Ndoa
Na binti anayeahidi huku anajua hatajaribu, amedanganya. Lakini ahadi inasema “katika uwezo wako”, na Mama Pacha hakuivunja kwa kushindwa.

Neno Hai
Mwalimu, hapo sikubaliani. Ahadi unayojua utashindwa ni ahadi gani?

Tulizo
Asanteni nyote. Mama Pacha, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimemsomea mchumba wangu huu uzi wote. Kuhusu akdi kuwa ndoa moja amefurahi, na atamtafuta sheikh mwingine. Kuhusu mke mmoja amejibu papo hapo kwamba hataoa mwingine. Kuhusu watoto alinyamaza, kisha akaniuliza, “Wewe ungekuwa mimi ungesema nini?” Sikuwa na jibu. Tumekubaliana hatuendi kwa paroko mpaka tuwe nalo.