Naombeni programu ya kubadili rangi ya nguo kwenye picha ya mwigizaji, kila nyekundu inageuka nyeusi

MamaMavazi
Habari za jioni wakuu. Mimi hushona mavazi ya kikundi cha maigizo hapa Dar. Tuna mchezo unaingia jukwaani baada ya wiki tatu, na nimekabidhiwa vazi la bibi harusi. Jana nilimpiga picha mwigizaji akiwa jukwaani taa zimewashwa, nikaihamishia kwenye laptopu nijaribu rangi mbalimbali za gauni ili mwongozaji achague. Nikiweka nyekundu, ama gauni linakuwa jeusi tii, ama linaonekana kama karatasi niliyobandika juu ya picha. Nimejaribu programu mbili za bure, matokeo ni yale yale. Programu gani inafanya kazi hii vizuri? Nina haraka, usingizi siupati.

Kijana wa Mbezi
Dada chukua GIMP, ni ya bure. Zungushia gauni mstari, nenda Colors kisha Hue-Saturation, sogeza mpaka upate nyekundu yako. Mimi nimewabadilishia wateja rangi za magari kwenye picha hivyo hivyo.

Mzee wa Pembeni
Siku hizi kila jambo kompyuta. Zamani fundi alikuwa na kipande cha kitambaa mkononi, anakipeleka kilipo kitu, anatazama kwa macho yake. Heshimuni kazi ya mikono.

FundiTaa
MamaMavazi, kabla ya programu, taa zilikuwa za rangi gani ulipopiga hiyo picha?

MamaMavazi
Taa za kawaida tu za jukwaani, tukio la usiku. Kijana wa Mbezi asante, nimejaribu GIMP, gauni limebaki jeusi.

FundiTaa
"Taa za kawaida" haitusaidii. Usiku wenu mmeupaka rangi gani, na taa ni za LED au za halojeni zenye karatasi ya rangi mbele? Weka picha.

MamaMavazi
Ni bluu. LED sita, bluu tupu, mwongozaji hataki rangi nyingine kwenye tukio hilo. Picha hiyo hapo, nilitumia simu.

FundiTaa
Basi programu zako hazina kosa. Nguo nyekundu haina mwanga wake. Inarudisha nyekundu iliyomo kwenye taa na kumeza rangi nyingine. LED ya bluu haina nyekundu ndani yake, kwa hiyo nguo haina cha kurudisha, na jicho linaona giza.

Sasa fungua picha yako, bofya kwenye gauni kwa kile kidude cha kuchagua rangi, usome namba. Kwenye picha uliyoweka nimesoma hivi begani:

```
R 3   G 11   B 46
```

Kubadili rangi kwa Multiply ni kuzidisha namba hizo kwa rangi unayoitaka. R, yaani nyekundu, ni 3, karibu sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Ndiyo nyeusi yako. Ukilazimisha R ifike 200, umechora nguo inayojiwakia yenyewe mahali pasipo na mwanga mwekundu, na hiyo ndiyo karatasi uliyoiona. Kijana wa Mbezi amefanikiwa kwa magari kwa sababu aliyapiga picha juani, na jua lina rangi zote.

DJ Kigamboni
Mimi sikubaliani. Tuliwahi kuigiza shuleni na taa ya bluu iliyokolea, shati langu lilikuwa jekundu na watu walililiona jekundu, la kiza kidogo. Hata picha ipo nyumbani.

FundiTaa
DJ, taa yenu ilikuwa balbu ya moto yenye karatasi ya bluu mbele?

DJ Kigamboni
Ndiyo, zile zinazounguza mkono.

FundiTaa
Ndipo tofauti ilipo. Balbu ile imejaa nyekundu, na karatasi nyingi za bluu iliyokolea huvujisha nyekundu ya mwisho kabisa. Shati lako lilipata riziki yake hapo. LED haivujishi. Kwa hiyo ulichokiona ni kweli, lakini hakimsaidii dada.

Bi Shughuli
Na mimi niseme langu. Harusi ya mwanangu ukumbi uliweka taa za zambarau, kanzu za wanaume zikawaka kama mbalamwezi, lakini ya bwana harusi ilififia kama ya jana! Nililia. Ilikuwa mpya kabisa, kitambaa cha bei. Je, hiyo nayo ni LED?

FundiTaa
Pole mama. Hiyo ni habari nyingine. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa hiyo huwaka kwenye taa za zambarau zenye mionzi isiyoonekana. Huenda za wengine zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni hiyo, na ya bwana harusi haikuwa na dawa.

MamaMavazi, swali langu la pili. Kitambaa umeshanunua?

MamaMavazi
Bado tunachagua rangi.

Fundi Cherehani Tanga
Dada, mtu mwenye wiki tatu ambaye bado anachagua rangi hahangaiki na nyekundu peke yake. Angejaribu kijani, angejaribu njano. Umeshanunua nini?

MamaMavazi
Haya, niseme ukweli. Nimenunua kisutu, doti 14, pale Kariakoo. Nne nimeshakata. Fedha ni za kikundi na mimi ndiye niliyezitoa.

Lakini nieleweni. Bibi harusi wa kwetu avae nini kama si kisutu? Mtazamaji akiona ile nyekundu, nyeupe na nyeusi anajua hii ni harusi kabla mtu hajafungua mdomo. Siwezi kumvisha kanga nyingine kwa sababu ya taa. Na naamini simu ndiyo inayodanganya, jukwaani kwa macho haikuwa nyeusi namna hiyo.

Mkosoaji Mkuu
Wakuu, huu uzi una harufu ya kutungwa. Mwanzo gauni moja la bibi harusi, sasa doti 14. Bibi harusi mmoja anavaa kanga 28? Halafu itazameni ile picha, imekatwa na mistari myeusi ya kulala kutoka juu hadi chini. Hapo kapiga picha skrini ya televisheni. Si ajabu ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya mtihani.

Kijana wa Mbezi
Hata mimi ile mistari ilinishangaza. Dada tujibu.

MamaMavazi
Sikutunga kitu. Wako wasindikizaji kumi na watatu wanaompokea kwa vigelegele, nao wanavaa kisutu. Sikuwataja kwa sababu nilijua mtaniuliza nimetumia kiasi gani. Mistari sijui imetoka wapi, jukwaani haikuwepo.

FundiTaa
Mistari hiyo ndiyo inayonifanya nimwamini. LED nyingi zikipunguzwa nguvu haziwaki mfululizo, zinawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Simu inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inaangukia taa ikiwa imezima. Huwezi kuitunga kirahisi.

Kuhusu simu kudanganya, una haki kwa sehemu. Ikiachwa ijiamulie, inajaribu kuifanya bluu iwe nyeupe, na bluu yenyewe inafurika. Kwenye picha yako sehemu nyeupe za nguo zote zimegota B 255, mikunjo imepotea. Lakini kuhusu nyekundu haikudanganya.

Fanya hivi kesho. Weka kamera ya simu kwenye Pro, ihifadhi RAW, WB ifunge kwenye 5600 usiiguse tena, ISO 400, mwendo 1/50. Mistari ikibaki, shuka 1/25 na mwigizaji atulie. Punguza ISO mpaka sehemu nyeupe ya kanga isome B chini ya 250. Kata vipande vya shubiri moja: nyekundu ya kisutu, nyeusi yake, nyeupe yake, damu ya mzee, na waridi iliyokolea. Vibane kifuani kwa mwigizaji, karibu na uso wake, asimame pale pale atakaposimama siku ya mchezo. Piga bluu tupu kwanza. Kisha mwombe fundi wenu wa taa apandishe nyekundu kidogo kidogo, 30, 60, 90 kati ya 255, upige kila hatua. Na uso uwe ndani ya picha, tafadhali.

Mzee wa Pembeni
Kipande cha kitambaa mkononi. Nilisema.

MamaMavazi
Wakuu nimerudi, tumefanya leo mchana. Kwenye bluu tupu nimesoma B tu:

```
nyeupe 238
waridi 141
damu ya mzee 37
nyekundu ya kisutu 33
nyeusi ya kisutu 24
```

Nyekundu na nyeusi zimeungana, maua yote ya kanga yamepotea. Bibi harusi wangu anaonekana amevaa kaniki yenye madoa meupe. Nilipoona hivyo niliketi chini.

Fundi alipofika 60, nyekundu ikafufuka, maua yakasomeka. Ila nyeupe imekuwa na rangi ya zambarau hafifu, na mwongozaji amesema usiku wake umeharibika.

Fundi Cherehani Tanga
Kwa nini waridi imesalimika na damu ya mzee imekufa? Zote si jamii ya nyekundu?

FundiTaa
Waridi iliyokolea ni nyekundu yenye bluu ndani, hiyo bluu ndiyo iliyorudi. Itaonekana ya bluu lakini itaonekana. Damu ya mzee ni nyekundu iliyotiwa giza, haina cha kurudisha. Wasindikizaji mngeweza kuwahamishia kwenye kanga ya waridi.

MamaMavazi, uso unasemaje kwenye bluu tupu?

MamaMavazi
Umepotea. Macho na meno tu, na kamstari ka mwanga kwenye pua. Sikuwa nimeutazama, nilikuwa natazama nguo.

FundiTaa
Basi mpelekee mwongozaji picha mbili sambamba, ya bluu tupu na ya 60, asitazame kanga, atazame uso. Ngozi yetu ya kahawia inarudisha nyekundu kuliko bluu. Taa inayoiua kisutu ndiyo inayomfuta mwigizaji wake. Kama bado anataka bluu yake, aiache nyuma na pembeni, aweke taa moja ya manjano ya joto inayompiga bibi harusi peke yake kutoka ubavuni.

Ila usiamue kwa picha tu. Kaa kiti cha nyuma dakika kumi macho yazoee giza, utaiona nyekundu imefifia zaidi kuliko simu inavyoonesha. Huenda 60 isitoshe.

Bi Shughuli
Na zile doti nne zilizokatwa?

MamaMavazi
Moja ni ya bibi harusi, hiyo siigusi, kisutu ni kisutu. Tatu ni za wasindikizaji. Kumi zilizobaki ziko kwenye mfuko, nitamwomba muuzaji anibadilishie kwa waridi. Mwongozaji amekubali kuona taa ya ubavuni Alhamisi. Nitakaa nyuma kama ulivyosema, nitaleta namba.